Ndoo Peke Yake Haiwezi Kutuambia Maji Yamepungulia Wapi

Wanachama wenzangu, na waalimu wetu mnaotusoma, naomba safu ya maoni ya toleo hili niitumie kwa jambo la tangi la maji lenye tundu. Wale wa fasihi msigeuze ukurasa. Hesabu ni chache, na kila mmoja wetu amewahi kuona ndoo iliyotoboka ubavuni ikitoa uzi wa maji unaopinda kuelekea chini. Jambo lenyewe ni hilo hilo.

Wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza hufanya zoezi la maabara juu ya maji yanayotoka kwenye tundu dogo. Zamani zoezi lilikuwa na vipimo viwili. Kwanza mnakinga maji kwenye ndoo na kuhesabu sekunde. Kisha mnapima maji yameruka umbali gani kutoka ukutani kabla ya kushuka kimo fulani. Mwaka huu kipimo cha pili kimeondolewa kwenye karatasi ya maelekezo ili kuokoa muda, ndoo ikabaki peke yake. Mimi huwasaidia wenzetu wa mwaka wa kwanza kwenye meza hizo, na naona kilichoondolewa ndicho kilichokuwa kinalipa zoezi maana. Naomba kirudishwe, na nitaeleza kwa nini.

Tuchukue mfano mmoja tuushike mpaka mwisho. Tangi lina bati jembamba la shaba ubavuni, na bati hilo lina tundu la mviringo lenye kipenyo cha milimita 8 na ukingo mkali. Maji yanaingia juu ya tangi bila kukoma, na ya ziada yanamwagikia kwenye bomba la pembeni, kwa hiyo usawa hausogei. Kutoka katikati ya tundu hadi usawa wa maji ni milimita 400.

Mwaka 1644 Evangelista Torricelli, Mtaliano aliyefuata nyayo za Galileo, alichapisha kanuni tunayoitumia hadi leo. Maji hutoka tunduni kwa kasi ile ile ambayo kitu kingekuwa nayo kama kingeachwa kianguke kutoka usawa wa maji hadi kwenye tundu. Kwa kimo chetu cha milimita 400 kasi hiyo ni mita 2.80 kwa sekunde. Ukizidisha kwa eneo la tundu, ambalo ni milimita za mraba 50.3, unapata lita 0.141 kwa sekunde. Ndoo ya lita 5 ingejaa kwa sekunde 35 na nusu.

Sasa fungua maji, kinga ndoo, tazama saa. Ndoo inajaa kwa sekunde 57 na nusu. Maji yaliyotoka ni asilimia 62 tu ya yale tuliyoyahesabu. Namba hii ya 0.62 (kwa vipimo vyetu ni 0.618) ndiyo kizigeu cha mtoko, yaani namba ya kuzidishia hesabu ya nadharia ili upate kinachotoka kweli. Mwanafunzi anaiandika, anapiga mstari chini yake, halafu anafika kwenye swali la mwisho la karatasi: eleza sababu ya tofauti.

Hapo ndipo kila mwaka ninaposoma jibu moja. "Tofauti imesababishwa na msuguano." Neno msuguano limekuwa kama pilipili, linanyunyizwa juu ya kila tofauti ya maabara. Nami sitawalaumu wanaoliandika, maana kwa ndoo peke yake hawana njia ya kujua kwamba wamekosea. Ndoo inapima wingi. Wingi ni eneo mara kasi. Ukiona wingi umepungua, huwezi kusema kama kasi ndiyo iliyopungua, au eneo, au vyote viwili kidogo kidogo. Mwanafunzi anayesema msuguano amechagua kasi, na amechagua kwa kubahatisha.

Basi tumfuate tuone anatupeleka wapi. Kama upungufu wote ni wa kasi, maji hayatoki kwa mita 2.80 kwa sekunde bali kwa mita 1.73. Maji yakishatoka tunduni kwa kulala, yanaendelea mbele kwa kasi hiyo huku yakianguka chini kama jiwe lolote. Weka rula milimita 250 chini ya tundu. Kwa kasi ya mita 1.73 maji yangeikuta rula hiyo milimita 391 kutoka ukutani. Kwa kasi kamili ya Torricelli yangeikuta milimita 632.

Yanaikuta milimita 620.

Hapo hapahitaji ubishi mrefu. Anayesema msuguano umekula theluthi ya kasi anadai maji yaanguke karibu sentimita 23 nyuma ya pale yanapoanguka mbele ya macho yake. Maji yanaruka karibu umbali wote waliotakiwa kuruka. Kasi haikupotea.

Hesabu ya kipimo hiki ni fupi kuliko ya ndoo, na ina jambo moja ninalolipenda. Kasi inayotoka inategemea mvutano wa dunia, na muda wa kuanguka nao unategemea mvutano huo huo. Ukiviunganisha, mvutano unajifuta wenyewe, na kinachobaki ni vipimo vitatu vya rula:

x = 2 · Cv · √(h · y)

Hapa x ni umbali wa kuangukia, h ni kimo cha maji juu ya tundu, y ni kimo cha kushuka, na Cv ni kizigeu cha kasi, yaani kasi ya kweli ikigawanywa kwa ile ya Torricelli. Huhitaji saa. Huhitaji hata kujua kipenyo cha tundu. Kwetu, mbili mara kipeuo cha pili cha 400 mara 250 ni 632, na 620 gawanya kwa 632 ni 0.98. Kasi imepungua kwa sehemu 2 katika 100. Msuguano upo, kwa hiyo, lakini umechukua kiasi cha nishati kinacholingana na kimo cha milimita 16 kati ya zile 400.

Sasa rudi kwenye ndoo. Mtoko ni 0.618 na kasi ni 0.98. Gawanya, unapata 0.63. Hicho kilichobaki ni eneo. Maji yanayoruka hayajazi tundu walilotokea. Mkondo wao una asilimia 63 ya eneo la tundu, sawa na kipenyo cha milimita 6.35 badala ya 8. Upungufu karibu wote ulikuwa hapa, kwenye unene, na ripoti zetu zinaupeleka kwenye msuguano.

Ukiinama utaliona kwa macho. Mkondo unatoka tunduni ukiwa mpana, unabanwa, na kwenye umbali wa takriban nusu ya kipenyo cha tundu, kwetu milimita 4 hivi, unafikia wembamba wake kisha unaendelea laini kama kioo. Mahali hapo naomba tupaite kiuno cha mkondo. Sijakutana na neno bora zaidi, na wahariri wa chama wakilipata nitalipokea.

Kwa nini kuna kiuno? Ndani ya tangi maji hayaji kwenye tundu kwa kunyooka tu. Yanakuja kutoka pande zote, na yale yaliyo karibu na ukuta yanateleza sambamba na ukuta kuelekea tunduni. Yakifika ukingoni yanatakiwa kugeuka pembe mraba, na kitu chenye uzito kinachokwenda hakigeuki ghafla. Fikiria watu wanaotoka ukumbini kwa mlango mmoja. Wanaokuja wakifuata ukuta wa kushoto huingia mlangoni wakiwa bado wanaelekea kulia, na huwasukuma wenzao kuelekea katikati hata baada ya kizingiti. Maji hufanya hivyo kutoka kila upande kwa pamoja, na mkondo hubanwa mpaka njia zote zinyooke.

Jambo hili linatuonyesha pia kanuni ya Torricelli inafanya kazi wapi. Kwenye tundu lenyewe njia za maji bado zimepinda. Ukingoni maji yamekwisha kugusa hewa, lakini katikati bado yamebeba kanieneo ya tangi, kwa hiyo hapo katikati kasi bado haijakamilika. Ni kwenye kiuno ndipo njia zinanyooka, kanieneo ndani ya mkondo inalingana na ya hewa, na kasi inakamilika. Torricelli hakukosea. Sisi ndio tunaochukua kasi ya kiunoni tukaizidisha kwa eneo la tundu, yaani tunaoa vipimo vya mahali pawili tofauti.

Anayedhani kosa hili ni la watoto wa mwaka wa kwanza amkumbuke Newton. Katika toleo la kwanza la kitabu chake kikuu, la mwaka 1687, aliandika kwamba maji hutoka kwa kasi ya kitu kilichoanguka nusu tu ya kimo cha maji. Kasi hiyo ni asilimia 71 ya ile ya Torricelli, na inampa mtu mtoko mdogo unaokaribia ule wa ndoo. Lakini ilikuwa inajulikana kwamba mkondo ukielekezwa juu hupanda karibu hadi usawa wa maji ya tangi, na maji yenye kasi ya nusu ya kimo yasingeweza kupanda hivyo. Toleo la pili lilipotoka mwaka 1713 Newton alikuwa ameibadilisha sehemu hiyo. Safari hii alikuwa ameupima mkondo wenyewe, akakuta kipenyo chake ni sehemu 21 kati ya 25 za kipenyo cha tundu, akairudisha kasi kwenye kimo kizima na kuupeleka upungufu kwenye eneo. Namba yake ya eneo, 0.71, ni kubwa kuliko tunayoipata leo kwa ukingo mkali, lakini upungufu alikuwa ameuweka mahali pake. Kilichomsaidia ni kutazama mkondo, si ndoo tu.

Mtu ataniuliza, yote haya yana faida gani ikiwa 0.62 ni 0.62? Mhandisi si anahitaji mtoko tu?

Chukua tangi lile lile, lakini badala ya bati jembamba tumelitoboa kwenye ukuta mnene wa plastiki, unene kama mara mbili na nusu ya kipenyo cha tundu, milimita 20 hivi. Mkondo unabanwa kama kawaida, lakini safari hii bado umo ndani ya ukuta. Unatanuka tena, unagusa kuta za tundu, na kutoka ukiwa umejaa. Kiuno hakionekani nje. Kwa tundu la namna hii vitabu hutoa kizigeu cha mtoko cha karibu 0.82. Ndoo yetu ya lita 5 sasa inajaa kwa sekunde 43 badala ya 57. Mwenye ndoo peke yake atasema tundu hili ni bora, msuguano wake ni mdogo. Kumbe maji yake yanaangukia milimita 519 badala ya 620. Kizigeu cha kasi nacho kimeshuka hadi 0.82, kwa sababu kule kutanuka ndani ya ukuta kunavuruga maji na kula karibu theluthi ya nishati. Tundu linalotoa maji mengi zaidi ndilo linalopoteza nishati zaidi! Jambo hili ndoo haiwezi kulisema, na mhandisi anayetaka maji yaruke mbali atachagua tundu baya akiifuata.

Na kinyume chake. Kama tatizo lingekuwa msuguano, dawa ingekuwa kulilainisha tundu kwa msasa mpaka ling'ae. Lisugue utakavyo, ukingo ukibaki mkali utapata sehemu ndogo sana ya zile asilimia 38. Lakini uzungushe ukingo wa ndani, uwe kama mdomo wa tarumbeta, na maji yatageuka taratibu bila kubanwa. Mtoko hupanda kutoka 0.62 hadi karibu na 0.97, zaidi ya mara moja na nusu, kwa tundu la kipenyo kile kile na tangi lile lile. Aliyeandika msuguano kwenye ripoti hatafikiria kuushika ukingo.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili. Kipimo cha umbali kina adabu zake, na nadhani sababu mojawapo ya kukiondoa ni kwamba majibu yalikuwa yanakuja ya ajabu. Kila mwaka kulikuwa na kundi lililopata kizigeu cha kasi kikubwa kuliko 1, yaani maji yanayotoka kwa kasi kuliko nishati waliyopewa. Hilo haliwezekani, na wanafunzi walikuwa wanafuta namba na kuandika 0.97 ya kitabuni. Chanzo mara nyingi ni tangi lililoinama. Mkondo ukielekea juu kwa digrii moja tu, mahali pa kuangukia panasogea mbele karibu milimita 13 kwa vipimo vyetu. Ile 620 inakuwa 633, na kizigeu kinavuka 1. Digrii moja huioni kwa jicho. Karatasi iliyokunjwa chini ya mguu wa meza inatosha kuileta.

Dawa yake ni pimamaji juu ya tangi kabla ya kuanza. Na kwa anayetaka uhakika, asipime sehemu moja ya mkondo bali tano au sita, kwa sindano zinazoshushwa mpaka ncha ziguse mkondo. Kwa kila sindano agawanye kushuka kwa umbali, kisha achore grafu ya majibu hayo dhidi ya umbali. Mkondo ulioanza kwa kulala unatoa mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri. Ulioinama unatoa mstari ulionyooka vile vile, lakini unaukata mhimili chini au juu ya sifuri, na pale unapokata ndiyo kipimo cha mwinamo wenyewe. Mteremko wa mstari unabaki kukupa kizigeu cha kasi. Kosa limejitaja lenyewe na kujiondoa. Nijuavyo mimi hakuna kitu kwenye ndoo na saa kinachoweza kumfundisha mwanafunzi namna hiyo.

Wengine wamependekeza tuupime mkondo kiunoni kwa kalipa na tuache habari ya umbali. Nimeona ikijaribiwa. Kalipa ikigusa mkondo inauvuruga, na isipogusa unakisia. Ukikosea sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye 6.35, eneo limekosewa kwa asilimia 3. Kwenye umbali, maji yanapotapanyika kwenye rula, unaweza kukosea milimita 3 kati ya 620, nayo ni nusu ya asilimia moja. Kalipa ibaki kama shahidi wa pili. Ikisoma kati ya 6.2 na 6.5, mambo ni salama.

Kuhusu muda, nawaelewa waalimu wetu. Saa mbili kwa meza nne si nyingi, na sakafu inalowa. Lakini sindano sita si lazima kwa kila kundi. Naomba kitu kidogo: pimamaji moja, rula moja iliyofungwa kwa kulala milimita 250 chini ya tundu, na sinia la kukingia chini yake. Kipimo ni kimoja na kinachukua dakika tano, wakati ndoo inajaa. Umbali upimwe kuanzia kiunoni na si ukutani, maana zile milimita 4 ni zaidi ya nusu ya asilimia na zinatosha kuharibu jibu. Kundi moja kwa kila kikao lipewe sindano na lichore grafu kwa niaba ya wengine.

Na swali la mwisho la karatasi libadilishwe. Badala ya kuuliza sababu ya tofauti, liulize: kama upungufu wote ungekuwa wa kasi, maji yangeangukia wapi, nanyi mmeyaona yakiangukia wapi?